Kamba ya Nepi Nyuma ya Jenereta

Mbuke hakuwa mtu wa maneno mengi. Pale Nyahanga, mtaa wa Kahama, walimjua kuwa ni mke wa Nkwabi wa mashine, yule mwembamba mwenye mtoto mgongoni, anayewasikiliza wenzake mpaka wamalize ndipo naye aseme lake, na mara nyingi lake lilikuwa limekwisha kusemwa na mwingine. Alisoma darasa la saba kijijini kwao, akaolewa, akaletwa Kahama akiwa na sanduku la bati na mkeka. Nkwabi alikuwa mwendesha mashine wa Bwana Kamrudin, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa, na kazi hiyo ilikuja na chumba. Ukuta wa nyuma wa chumba ulikuwa ndio ukuta wa banda la jenereta. Jenereta liliponguruma, vikombe vilicheza juu ya kabati. Mtoto wao Maige alizaliwa akaukuta mngurumo huo, na likizimwa ghafla yeye ndiye wa kwanza kuamka na kulia.

Mwaka ule wa vita mvua zilinyesha Kahama kana kwamba zimetumwa. Asubuhi jua lilichungulia, watu wakaanika, saa nne wingu likafunga. Maige alikuwa anaota meno na tumbo lake halikutulia. Nepi zake, vipande vya kanga kuukuu na marekani aliyopewa Mbuke na Mama Anar, mke wa Kamrudin, zilikuwa hazikauki. Zilinuka uvundo, na mtoto akaanza kutoka vipele mapajani. Usiku mama mtu alimpepea kwa upindo wa kanga, akilia naye kimyakimya.

Mahali pamoja tu palikuwa pakavu: banda la jenereta. Mbuke alimwomba mumewe, na Nkwabi hakuona ubaya. Alimwambia afunge kamba yake nyuma kule, mbali na mikanda na feni, na asiguse mashine. Basi Mbuke akafunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha. Ncha ya pili alitafuta msumari, hakuna. Aliona kibanio cha chuma ubavuni mwa injini, kimeshika nyaya mbili zilizokuwa zikitoka kwenye injini kwenda kwenye sanduku la taa ukutani. Kibanio kilionekana imara. Akapitisha kamba, akakaza, akaanika.

Nepi zilikauka mara moja. Zilitoka zina joto kama mkate, na vipele vya Maige vikaanza kufa. Kwa siku hizo Mbuke alijiona ana akili kuliko wanawake wote wa Nyahanga.

Kwenye lile sanduku la ukutani palikuwa na taa mbili nyekundu. Nkwabi alikuwa amemweleza zamani, wakati anamtembeza mkewe mgeni aone kazi yake. Moja ni ya oili: presha ya oili ikishuka ndani ya injini, swichi inaugusanisha waya wake na chuma cha injini, taa inawaka na mashine inajizima yenyewe kabla vyuma havijasagana. Ya pili ni ya joto: maji yakichemka, vivyo hivyo. Nkwabi alizipenda taa zile. Alisema mashine isiyo na taa ni kama mtoto asiyeweza kulia. Utajua anaumwa siku amekufa.

Ndipo taa ya oili ikaanza kuwaka.

Ilianza katikati ya kazi, foleni ya wanawake na madebe yao ya mahindi imefika barabarani. Taa ikawaka, jenereta likakohoa, likanyamaza. Nkwabi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Oili ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu. Akawasha, ikasaga vizuri, halafu ikazima tena. Siku iliyofuata hivyo hivyo, mara tatu, mara nne. Wanawake wakaanza kunung'unika. Nyamizi, muuza vitumbua mwenye mdomo usio na kufuli, alisema mashine ya Kamrudin siku hizi inasali sala tano, kila saa yake inanyamaza. Watu walicheka. Nkwabi naye alicheka, kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Bwana Kamrudin alikuja mwenyewe, amekunja mikono ya shati. Hakuwa mtu mbaya. Alirithi mashine kwa baba yake na aliijua kwa sikio, akiwa amekaa dukani aliweza kusema mkanda upi umelegea. Lakini mwaka ule oili ilikuwa haionekani madukani. Ilipatikana kwa kibali, kwa kujuana, kwa kwenda Mwanza na kurudi mikono mitupu. Pipa alilokuwa nalo stoo alilitunza kuliko sukari. Alipitisha kidole kwenye kijiti cha oili, akakisugua na dole gumba, akanusa. Alirudia tena.

Hakupiga kelele. Alimwita Nkwabi kando, karibu na ukuta wa chumba chao, na Mbuke akiwa ndani anamnyonyesha mtoto alisikia yote. Kamrudin alisema kwamba oili ikijaa kwenye kijiti na presha ikawa ndogo, maana yake ni moja: oili ni nyepesi. Mtu amechota nzuri, akajaza kwa ile iliyokwisha kutumika, au amezimua kwa dizeli. Kijiti hakijui tofauti. Presha ndiyo inayojua.

"Nkwabi," alisema, "oili yangu umeipeleka wapi?"

Nkwabi alijibu kwamba hajaipeleka popote. Alilijibu jambo hilo mara moja tu, akanyamaza, maana alikuwa mtu ambaye akiapa mara ya pili huona ameshajishusha. Kamrudin akasema amemtumia salamu Fundi Herman wa Shinyanga aje na geji yake ya kupimia presha. Akikuta oili imezimuliwa, Nkwabi atafute kazi kwingine na chumba kwingine. Ufunguo wa stoo akauchukua siku hiyo hiyo.

Habari haina miguu lakini hufika. Jioni ile watu walikwisha kujua. Kijana mmoja wa kupakia magunia, kila Nkwabi akipita, alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali kana kwamba ina mafuta, na wenzake wanainama kucheka. Kuitwa mwizi wa oili mwaka ule, wakati malori yamekaa juu ya mawe na wagonjwa wanabebwa kwa baiskeli, kulikuwa kubaya kuliko kuitwa mwizi wa ng'ombe.

Mbuke alikuja kuigundua bila kuitafuta. Aliingia bandani kuchukua nepi, mashine inanguruma, Nkwabi yuko upande wa mbele anamimina mahindi. Alivuta kamba ailegeze. Alipovuta, jicho lake likaona wekundu ukutani. Taa ya oili iliwaka, kidogo tu, kama mtu aliyekonyeza. Mashine ikatetereka. Akaachia kamba. Taa ikazima, mashine ikashika tena.

Alisimama pale na nepi mkononi. Akavuta tena, polepole sana, kwa kidole. Wekundu. Akaachia.

Aliinama akatazama. Kile kibanio alichokiona imara kilikuwa kimepinda. Uzito wa nguo mbichi ulikuwa umezivuta zile nyaya mbili chini, zimelala juu ya ukingo wa bati la injini, na pale zilipolala mpira wake ulikuwa umelika. Ndani palikuwa panang'aa shaba.

Hakujua mambo ya umeme. Lakini alijua alichokiona.

Hapa mtu atasema: si angetoka tu akamwambie mumewe? Ni rahisi kusema. Mbuke aliiona foleni mlangoni, akaliona pipa la oili lililofungiwa, akawaza sauti ya Kamrudin ikisema kwamba mashine ya baba yake imeharibiwa na nepi. Akawaza chumba. Akawaza Maige na mvua. Tena Nkwabi alimwambia asiguse mashine, na kibanio kile, hata angezunguka vipi, kilikuwa mashine. Akajiambia kwamba akiondoa kamba, kosa litaondoka nayo. Fundi atafika, ataikuta mashine nzima, oili nzuri, mambo yataisha, na hakuna atakayejua. Akaifungua kamba, akaizungushia mkononi, akatoka nayo chini ya kanga kama mtu aliyeiba.

Mashine haikupona. Mpira ulikuwa umekwisha kulika, na nyaya zimekaa palepale juu ya bati. Injini ikitikisika zilikuwa zinagusa zenyewe, kamba iwepo isiwepo. Taa ikaendelea kuwaka. Mbuke aliposikia mashine ikizima tena, kwanza alishtuka, halafu, na hilo ndilo alilojichukia nalo zaidi, alifurahi kidogo. Alijiambia: kumbe si mimi. Aliishika faraja hiyo siku nzima kama mtu anayeshika kaa la moto kwa kuwa anaona baridi.

Nepi bado zilihitaji kukauka. Nyuma ya banda, upande wa nje, palikuwa na tundu kubwa ukutani lenye wavu. Rejeta ya injini, ile inayopoza maji yake, ilitazama tundu lile, na feni ilikuwa inasukuma upepo kupita kwenye rejeta kwenda nje. Upepo uliotoka pale ulikuwa wa moto, na juu yake paa lilitokeza kuzuia mvua. Mbuke akapigilia misumari yake miwili, huku na huku ya tundu. Safari hii hakugusa mashine hata kidogo. Alijihesabia wema katika hilo.

Siku hizo Nkwabi hakula vizuri. Alikaa kizingitini akiitazama mvua, sahani inapoa. Jioni moja aligeuka, akamwuliza mkewe, si kwa hasira, kama anayeuliza njia.

"Mama Maige, wewe unaamini nimeiuza?"

"Siamini," Mbuke alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Najua hukuiuza."

Nkwabi akashusha pumzi, akaivuta sahani. Alisema basi, kama yupo mmoja, yatosha. Akala. Mbuke alimtazama akila, na kila tonge aliloliona likishuka lilimkaba yeye. Alikuwa amesema kweli tupu, na hajawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Fundi Herman alishuka kwenye lori la magunia asubuhi, ana mfuko wa turubai na suruali iliyopandishwa kukwepa tope. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Kabla ya kugusa kitu aliomba aonyeshwe mashine inavyofanya, akasikiliza maelezo ya Kamrudin, akasikiliza ya Nkwabi, wote sawa. Kisha akasema mbele yao na mbele ya foleni, maana foleni nayo ilikuwa imeingia bandani, kwamba taa ikiwaka kuna mambo matatu. Ama injini yenyewe ina ugonjwa kweli. Ama swichi inayopima imeharibika inaona ugonjwa usiokuwepo. Ama waya unaopeleka habari umeharibika njiani. Taa ni ileile moja kwa yote matatu, kwa hiyo taa haiulizwi. Unaulizwa mwili wa injini.

Aliifungua swichi ya oili kutoka kwenye injini, na katika tundu lake akafunga geji yake ya shaba, yenye sindano, isiyohitaji umeme wala waya. Waya wa swichi akauacha unaning'inia hewani. Akaomba mashine iwashwe. Sindano ikapanda, ikasimama juu kabisa. Watu wakaguna. Ilipoanza kutikisika vizuri, taa ya oili ukutani ikawaka, mashine ikazima.

"Mmeona?" Herman alisema. "Swichi ninayo mfukoni. Waya haujashika kitu. Habari hii imetoka wapi? Imetoka kwenye waya. Mahali fulani unagusa bodi, chuma cha injini chenyewe."

Nkwabi aliinua uso. Mbuke, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, aliangalia kibanio, akaondoa macho haraka.

Lakini Kamrudin hakuwa mjinga. Alisema ni sawa, taa imesema uongo. Ila taa kusema uongo hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Oili nyepesi nayo, ikiwa baridi, si itaonyesha presha nzuri? Herman akakubali kwamba ndivyo. Oili iliyozimuliwa hujificha ikiwa baridi, ikipata moto na mzigo hujitoa yenyewe, sindano hulala. Basi waisubiri ipate joto lake la kawaida. "La kawaida tu," aliongeza, "maana ukiichemsha kupita kiasi, hata oili nzuri hulegea."

Akaufungua waya wa kuzimia ili mashine isikatike katikati ya jaribio, akakaa juu ya debe karibu na mkono wa kuzimia, macho kwenye geji. Kamrudin akaamuru mashine zote mbili zipewe kazi. Wanawake wakamimina mahindi, mpunga ukamiminwa, banda likajaa vumbi na kelele. Nkwabi alisimama ameifunga mikono nyuma, kama mtu aliye barazani kwa hakimu.

Sindano ilishuka kidogo, kama inavyopaswa, ikakaa juu ya nusu. Ikakaa. Herman akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Kisha ikaanza kushuka tena.

Ilishuka pole sana. Ikafika nusu. Ikapita. Taa ya joto ikawaka nyekundu, na kijana wa magunia akacheka akisema na hiyo nayo imeanza sala. Kamrudin akasema nyaya zile mbili zinatembea pamoja, kama moja ni mbovu na ya pili ni mbovu, iachwe kwanza wamalize hili. Herman alikunja uso. Alitaka kunyanyuka, lakini sindano ilimshika.

"Inalala," Kamrudin alisema. Hakuonekana kufurahi. "Nkwabi, unaiona mwenyewe. Inalala."

Nkwabi alikuwa anaitazama sindano kama mtu anayemwona ndugu yake akitoa ushahidi wa uongo.

Mbuke alinusa harufu ya rangi iliyopata moto. Alikuwa ameinusa kwa muda, bila kujua ananusa nini. Asubuhi ile, kabla ya lori kufika, Maige alikuwa ameliharibu blanketi. Yeye alilifua, lile zito la rangi ya kijivu, akalitandaza kwenye kamba yake mpya, kutoka msumari huu hadi ule, na juu yake kanga mbili. Alilikaza vizuri lisidondoke. Lilikuwa limefunika tundu lote.

Aliona jinsi ambavyo angeweza kufanya. Kuzunguka nyuma, kulichomoa blanketi, kuliingiza chumbani. Hakuna mtu anayetazama. Lakini akawaza ile kamba ya kwanza alivyoificha, na kilichofuata. Injini haingepoa kabla sindano haijafika chini. Kamrudin angekwisha kusema neno lake, na neno lililosemwa mbele ya foleni halirudi.

Alimsogelea fundi. Ilibidi apaze sauti juu ya mngurumo, yeye asiyepaza sauti.

"Shikamoo, fundi. Hilo joto ni la kweli. Nimefunika nyuma. Nimeanika blanketi kwenye tundu la rejeta."

Herman hakuuliza mara mbili. Alichovya vidole kwenye ndoo, akarusha matone juu ya kichwa cha injini, yakachachatika na kutoweka. Akachomoa waya kwenye swichi ya joto. Taa ya joto ikazima. Akautikisa waya huku na huku, haikurudi. Akaurudisha kwenye swichi, ikawaka. "Waya huu kwa sasa hausemi uongo," alisema. "Swichi ndiyo inayosema, na inasema kweli. Toeni mzigo! Mtu asifungue kifuniko cha rejeta, na mtu asimwagie maji."

Nkwabi alikwisha kutoka mbio. Aliling'oa blanketi na misumari yake. Upepo wa moto ukatoka kama wa tanuri, akarudi nyuma hatua. Mashine za kusaga zikaachwa zizunguke tupu mpaka zikasimama, jenereta likaachwa lingurume polepole bila mzigo, feni ikisukuma, na watu wote wakasimama kimya wakisubiri chuma kipoe. Katika ukimya ule, maana sasa sauti ilikuwa ndogo, Mbuke akasema na lililobaki. Alisema kamba ya kwanza aliifunga kwenye kibanio cha nyaya. Alisema alivuta akaona taa inawaka, akajua, akaiondoa, akanyamaza. Akaenda akaonyesha kwa kidole pale shaba inapong'aa. Maige mgongoni alikuwa anavuta hereni yake.

Hakuna aliyecheka, hata yule kijana.

Taa ya joto ilizima yenyewe. Herman akangoja zaidi, akashika bomba la juu, akaagiza mzigo urudi. Mahindi yakasagwa, mpunga ukakobolewa, debe baada ya debe. Sindano ilisimama juu ya nusu, ikakaa pale kama iliyopigiliwa. Alimwita Kamrudin aje aitazame kwa karibu. Kamrudin aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akamshika Nkwabi mkono, akauweka kiganjani mwake mbele ya watu wote. Alisema, "Nimekukosea, Baba Maige." Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka.

Herman alizifunga nyaya kwa utepe, akazitenganisha, akazipitisha mbali na ukingo wa bati, akanyoosha kibanio. Akarudisha swichi mahali pake na waya wa kuzimia mahali pake. Mwisho aliugusisha waya wa oili kwenye bodi makusudi. Taa ikawaka, jenereta likazima, na Maige akalia. Fundi akasema vizuri, bado inaweza kulalamika. Alimwambia Mbuke, bila ukali, kwamba joto la banda si la bure. Ndilo linalotoka kwenye injini, na lisipopata njia hurudi ndani. Mbuke akajibu amesikia.

Mama Anar aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaleta jiko la mkaa la zamani, akasema nepi zikaukie kwenye hilo. Alimpapasa Mbuke bega, akamwita binti yangu. Mbuke alishukuru. Angependa zaidi agombezwe.

Nkwabi hakumgombeza. Walipobaki wawili chumbani alivua viatu, akavisafisha tope kwa kijiti, kimoja, halafu cha pili.

"Siku ile nilipokuuliza," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikala."

"Ulikula."

Nkwabi alimchukua Maige kutoka kwa mama yake, akamweka kwenye goti, akawa anamchezesha, na alipomchezesha alikuwa anacheka na mtoto. Akiinua macho kwa mkewe, kicheko kinabaki chini. Mbuke alipika, akapakua, akaweka sahani. Nkwabi aliitazama. Alikula, ila alikula kama mgeni, kwa adabu, akashukuru.

Asubuhi Mbuke alijitwisha debe tupu, akaenda kukaa kwenye foleni, ingawa hakuwa na mahindi ya kusaga. Wanawake wengi waliokuja siku hiyo hawakuwapo jana. Walitoka vijijini, na walichobeba pamoja na magunia ni habari ya wiki nzima kwamba mwendesha mashine wa Kamrudin ni mwizi wa oili. Alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, akimwonyesha Nkwabi kwa kidevu. Mbuke akamgeukia.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia kama mama, kwa lugha ya kijijini kwao. "Huyo ni mume wangu. Oili haikuibiwa. Ni mimi niliharibu waya kwa kamba ya nepi, nikajua, nikanyamaza."

Mwanamke alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. Mbuke akamweleza tena, polepole. Kisha akamweleza aliyefuata. Nyamizi, aliyekuwa amekaa na beseni lake la vitumbua, alisikiliza mpaka mara ya nne, akasema, "Basi, we mama, utajitangaza mpaka Tabora? Wakukatie tiketi?" Watu wakacheka, na safari hii walikuwa wakimcheka yeye. Mchana walikwisha kumpa jina, Mama Kamba.

Nkwabi alikuwa pale ndani, mlango wazi. Alisikia. Aliinua gunia, akamimina, akakung'uta vumbi, hakugeuka. Mbuke hakumngoja ageuke. Mwanamke mwingine alikuwa anatua mzigo wake mwisho wa foleni, na Mbuke akajifunga kanga upya, akamfuata.